Mikono Ukutani: Bango la Kunawa la Zahanati ya Kijiji

Aghalabu zahanati za mashamba yetu hapa Pwani huwa na karatasi ukutani ionyeshayo namna ya kunawa mikono. Mara nyingi ni ile ya Shirika la Afya Duniani, yenye picha 12 zilizotiwa namba kuanzia 0 hadi 11, na maelezo chini ya kila picha. Ni karatasi sahihi, na kila picha iliyomo ina sababu yake. Kazi yote yapasa kuchukua baina ya sekunde 40 na 60. Lakini ilitungwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, watu ambao wamekwisha kufundishwa kabla hawajaiona, na wenye taulo ya karatasi ya kutumiwa mara moja kisha kutupwa. Mama atokaye chooni na mtoto anayehara mgongoni, akakuta mbele yake ndoo ya plastiki yenye mfereji na kipande cha sabuni, karatasi hiyo haimsemeshi.

Katika kijiji kimoja cha Kwale, kamati ya zahanati iliazimia kuchora bango lake yenyewe, kwa rangi, juu ya ukuta wa nje ulio kati ya choo na mahali pa kunawia. Muuguzi alikuwako, mchoraji wa mabango ya maduka alikuwako, na sisi tuliitwa kwa ajili ya maneno. Tulipofika tukaona kwamba maneno ndiyo yaliyokuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa ni kujua kile ambacho jicho la mtu asiyesoma litakiona katika picha ya mikono miwili.

Mchoraji alikuwa ameandaa rasimu kwa mkaa juu ya karatasi kubwa: picha sita zilizopangwa kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama maandishi ya kitabu cha shule. Kabla haijaguswa rangi yoyote, mama mmoja wa kamati aliichukua rasimu ile akaketi nayo kwenye benchi la wagonjwa kwa asubuhi mbili, akamwonyesha mtu mmoja mmoja. Tunasisitiza hilo la mtu mmoja mmoja. Wanawake wakiulizwa wakiwa kundi, hujibu yule mwenye kisomo na wengine humwitikia. Tena haifai aulizaye awe muuguzi, wala awe sheikh, kwa kuwa watu wetu wana adabu: ukimwuliza mtu, "Je, umeifahamu picha hii?" atakujibu kuwa ameifahamu, ili asikuvunje moyo. Mama yule aliuliza swali moja tu, "Waona nini hapa?" kisha akanyamaza na kuandika alichoambiwa. Mwishoni alimwomba kila mmoja aende kwenye ndoo akafanye kile picha zilichomwambia.

Majibu ya watu kumi yalitosha kuipindua rasimu ile.

Jambo la kwanza lilikuwa mwelekeo. Vijana waliopita shule walianza na picha ya kushoto. Lakini wanawake watatu wa makamo, ambao hawakwenda shule ila walihitimu chuoni na husoma msahafu kila siku, walianza kulia. Kwao ndiko maandishi yaanziako. Basi katika macho yao hadithi ilikwenda hivi: mikono yakauka, kisha yasuuzwa, kisha yapakwa sabuni, na mwisho yawekwa chini ya maji. Mmoja wao aliona kuwa mambo yamekwenda kinyume, lakini alidhani ndivyo watakavyo madaktari. Msomaji atatambua kwamba huku si kutojua kusoma. Ni kujua kusoma, ila kwa hati nyingine, na vijiji vya mwambao wetu vimejaa watu wa namna hii.

Yapo mabango yanayotia mishale ili kuondoa tatizo hili. Mishale ilijaribiwa nayo siku ya pili, na bibi mmoja aliuona mshale ulio kati ya picha mbili akasema ni mti wa kuchokorea. Mshale ni herufi kama herufi nyingine. Asiyefundishwa hauoni kuwa ni njia. Dawa ilikuwa rahisi kuliko mshale: safu ikasimamishwa wima. Hati ya Kiarabu na hati ya Kizungu zote mbili huanza juu na kushuka chini, na hata asiyejua hati yoyote huona maji yakishuka. Kando ya kila picha ikatiwa namba 1, 2, 3 na kuendelea, kwani namba hizo kila mtu huzijua kwa sababu ya fedha na simu. Safu ya kusimama ilipoonyeshwa kwa watu wengine, hakuna aliyeanza chini.

Jambo la pili lilikuwa ni mikono yenyewe. Mchoraji alikuwa amechora mikono mitupu, iliyokatika kwenye kifundo, ikielea hewani. Hakufanya hivyo kwa uzembe. Wapo katika jamii yetu wasiopenda sura ya mwenye roho ichorwe ukutani, naye alitaka kuepuka kuchora nyuso. Lakini watoto waliogopa, na mzee mmoja aliuliza mikono hiyo imekatwa kwa kosa gani. Hapo palihitajika njia ya kati, nayo ilipatikana: mkono uchorwe pamoja na sehemu yake mpaka karibu na kiwiko, ukitokea kwenye ukingo wa picha, na juu yake mkono wa nguo uliokunjwa. Sasa mtazamaji haoni kiungo kilichokatwa. Aona mtu aliyesimama nje ya picha. Mkono wa nguo uliokunjwa nao una kazi yake, maana wamwambia mama akunje baibui kabla ya kufungua maji. Rangi ya ngozi ikawa ya watu wa kijiji, kwa kuwa ile ya waridi iliyokuwa kwenye rasimu iliitwa "mikono ya mtalii".

Picha iliyotusomesha zaidi ilikuwa ya mwisho. Kwa kuwa zahanati haina taulo za karatasi, na taulo moja ya kitambaa ikitumiwa na kila ajaye hurejesha uchafu kwenye mikono iliyosafika, muuguzi alitaka mikono ikaukie hewani. Mchoraji akachora mikono miwili imeinuliwa, viganja vikielekea juu. Bibi mmoja aliitazama kwa furaha akamwambia mama wa kamati, "Hapa, mwanangu, waomba dua." Na wa pili akasema vivyo hivyo, na wa tatu. Kwa hakika nani katika sisi angesema vingine? Mwislamu akiona viganja viwili vimefunguliwa mbele ya kifua hana tafsiri nyingine. Mwanamke mmoja hata alidhani bango lote lafundisha udhu, na kwamba dua ile ni ya kumalizia.

Dhana hiyo ya udhu ndiyo iliyotufanya tukae na kamati kwa muda mrefu, kwani si dhana ndogo. Mtu ajuaye udhu tangu utotoni akiona mikono chini ya maji husema, hili nalijua, na huacha kutazama. Lakini udhu na kunawa kwa kujikinga na maradhi ni mambo mawili. Katika udhu yatosha maji tohara yapite juu ya kiungo. Vijidudu vya kuhara havitoki kwa maji kupita tu, kwa sababu ngozi ina mafuta, nayo mafuta hushikilia uchafu usioonekana. Sabuni huyaachisha mafuta ngozi, kusugua huyang'oa, na maji yatiririkayo huyachukua. Ikikosekana sabuni au kukosekana kusugua, mkono huwa umerowa tu. Kwa hiyo picha ya bango hili ilipaswa kutofautiana na udhu tangu mtazamo wa kwanza: sabuni ionekane, povu lionekane, na mwisho usiwe dua. Mikono ya picha ya mwisho ikageuzwa, vidole vikaelekea chini, na matone yakachorwa yakidondoka, kama mtu anayekung'uta maji. Baada ya hapo hakuna aliyetaja dua.

Kuchora sabuni kulikuwa na taabu yake. Kipande cha mstatili chenye rangi ya manjano kiliitwa mkate, kiliitwa mbao, na mtoto mmoja alisema ni simu. Mchoraji akachora kipande kile kile ambacho wanawake hukata kutoka kwenye mche wa sabuni ya kufulia, rangi ya buluu, chenye pembe zilizoanza kulika, na povu jeupe likichuruzika kati ya vidole. Povu ndilo lililoitambulisha sabuni. Kwa sababu hiyo ukuta nyuma ya picha haukupakwa rangi nyeupe, ambayo ingelimeza povu, bali rangi ya krimu iliyokoza, na kila umbo likazungushiwa mstari mweusi mnene.

Hatua za kusugua zilipunguzwa. Karatasi ya wahudumu ina picha sita za kusugua peke yake. Bango la kijiji limebakisha mbili. Kusugua kiganja kwa kiganja hakukuchorwa, kwani hilo kila mtu hulifanya bila kuambiwa, na tena picha yake ilionekana kama watu wawili wanaoamkuana. Zimechorwa sehemu ambazo watu husahau: mgongo wa mkono mmoja ukisuguliwa na kiganja cha mwingine, vidole vikipita kati ya vidole, na ncha za vidole zikikwaruza ndani ya kiganja chenye povu, ili sabuni iingie chini ya kucha. Muuguzi alihuzunika kukiacha kidole gumba, na huzuni yake ina haki. Lakini katika safu ya picha kumi watu walikuwa wamechoka kutazama walipofika ya saba, na aliyechoka hafiki kwenye kusuuza. Yeye mwenyewe alikubali kwamba habari ya kidole gumba ataisema kwa mdomo siku za kliniki ya watoto.

Tuje sasa kwenye wakati wa kunawa. Namna ya kunawa watu wengi waijua kwa kiasi. Lipunguzalo maradhi ni kunawa saa ifaayo, yaani baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula. Lakini "baada" na "kabla" havichoreki. Rasimu ilikuwa na kisanduku cha pembeni chenye choo, mtoto na sahani, na watu walivihesabu vitu hivyo kama orodha ya mali. Mmoja alifahamu kuwa anawe kisha ndipo aende chooni. Hapo mama wa kamati alitoa shauri ambalo kwa maoni yetu ndilo lililoliokoa bango: choo kiwekwe juu kabisa ya safu, kabla ya namba 1, na chakula kiwekwe chini kabisa, baada ya namba ya mwisho. Basi safu nzima ikawa safari moja. Juu kabisa pana mlango wa choo ulio wazi na jozi ya kandambili zikielekea nje, kando yake poti la mtoto. Kisha yafuata maji, sabuni, kusugua mara mbili, kusuuza na kukung'uta. Chini kabisa pana bakuli la uji na kijiko. Kandambili zilielekezwa nje kwa makusudi, na walioulizwa walisema, "Huyu atoka." Kabla na baada zikapata mahali pake bila neno hata moja.

Maneno, ambayo ndiyo yaliyotuleta, yakawa machache mno. Kichwa cha bango chasema "Nawa kwa sabuni". Tulipendelea "nawa" kuliko "osha", kwa kuwa nawa ni ya mikono na uso, ilhali osha ni ya vyombo, na masikioni mwa watu wetu ina harufu ya maiti pia. Kisha kwa kila picha amri moja: "Rowesha", "Paka sabuni", "Sugua", "Sugua kucha", "Suuza", "Kung'uta". Yameandikwa kwa herufi ndogo, si kubwa zote, kwa sababu mtoto wa shule hujifunza kusoma kwa herufi ndogo, naye ndiye amsomeaye nyanyake. Palikuwa na rai ya kuongeza hati ya Kiarabu kwa ajili ya wale mama watatu. Rai hiyo tuliipenda, lakini iliachwa kwa sababu mbili. Maandishi mawili yangelazimu yote yapungue ukubwa. Na watu hawakustarehe kuona herufi hizo mahali panaporukiwa na maji ya choo, hata kama neno lenyewe si jingine ila sabuni.

Muda wa kusugua ulihitaji alama, kwani wengi husugua kwa muda wa pumzi mbili. Kiasi kinachotakiwa kwa watu wa nyumbani ni sekunde 20 kwa uchache. Picha ya saa haikufaa. Wengi katika walioulizwa hawakuvaa saa, na aliyeiona alisema zahanati hufunguliwa saa mbili. Mtu mmoja alipendekeza tuwaambie watu wasome Suratul Fatiha, ambayo kwa mwendo wa wastani huchukua kadiri hiyo. Nia ilikuwa njema, lakini mahali pa kunawia papo hatua chache kutoka mlango wa choo, na si vyema kuwazoesha watoto kuisoma Qur'ani katika mpito kama huo. Tukachagua kuhesabu. Kwa bahati njema namba zetu za Kiswahili ni ndefu: mtu akitamka "kumi na saba, kumi na nane" bila haraka, kila namba humchukua takriban sekunde moja. Basi kando ya picha ya kusugua pameandikwa "Hesabu 20". Mwanzoni namba hiyo ilikuwa karibu na kipande cha sabuni, na watu walidhani ni bei. Walisema ni rahisi.

Vipimo viliamuliwa na mahali. Benchi la wagonjwa liko mita nne kutoka ukutani, na kwa umbali huo herufi yenye kimo cha sentimita 5 husomeka bila kukaza macho. Kila picha ina kimo cha sentimita 20, ili mikono iwe na ukubwa wa mikono ya kweli, nazo ni nane pamoja na choo na bakuli, kwa hiyo safu ina urefu wa sentimita 160, na upana wa sentimita 75 pamoja na maneno. Yaanzia sentimita 60 kutoka chini. Bango limewekwa kando ya ndoo, wala si juu yake, kwa sababu anawaye huinama, na akiinama haoni kilicho juu ya kichwa chake.

Neno juu ya ukuta wenyewe, kwani hapa ndipo kazi nyingi za Pwani zinapoharibikia. Nyumba za mwambao zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe huvuta chumvi na unyevu, na rangi ya mafuta ikipakwa juu ya ukuta unaotoa unyevu huvimba na kubambuka baada ya masika moja. Dalili ni unga mweupe unaobaki kidoleni ukipapasa ukuta. Hapo lipu ya zamani ilibanduliwa, ikatiwa mpya, ikaachwa mwezi mzima ikauke, ndipo ikapigwa msasa na kupakwa rangi ya msingi. Rangi ya mwisho ilichaguliwa ile isiyong'aa sana, kwa sababu ukuta unatazama mashariki, na jua la asubuhi lingegeuza rangi ya kung'aa kuwa kioo saa ile ile ambayo wagonjwa ni wengi.

Bango lina mpaka wake, na kamati iliujua. Katika majaribio ya mwisho, karibu wote walioonyeshwa picha walizifuata sawasawa kwenye ndoo. Lakini mtu anayetazamwa si sawa na mtu aliye peke yake, wala picha haiwezi kujaza ndoo wakati wa kiangazi. Kwa hiyo hawakuuliza watu kama wananawa. Waliamua kuipima sabuni. Kipande hutiwa ndani ya wavu wa vitunguu na kufungwa kwenye msumari kando ya picha ya pili, mahali pasipofika jua, na wavu huo humzuia kunguru na hurahisisha povu. Siku kipande kipya kinapotundikwa, muuguzi huandika tarehe kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa stoo. Idadi ya wagonjwa wa kila siku iko katika daftari lake. Tarehe zikianza kuachana ilhali wagonjwa hawakupungua, mama wa kamati huchukua kiti chake, akaketi tena karibu na benchi, na kuuliza lile swali lake moja.